Sufuria na sinki havihitaji chuma kimoja: ulinganisho wa 201, 304, 316 na 430

Sinki la dada yangu huko Kigamboni lilianza kutoa madoa ya rangi ya chai kabla halijamaliza mwaka. Alikuwa amelilipia zaidi ya masinki mengine yaliyokuwa dukani, kwa sababu lilibandikwa karatasi yenye namba 304, na kwa sababu muuzaji alitoa sumaku mfukoni akaiegesha ubavuni mwa sinki, ikateleza na kuanguka. “Unaona, dada? Haishiki. Hii ndiyo stenlesi yenyewe.” Jikoni humohumo kulikuwa na sufuria tatu zilizokuwa zimepikiwa kwa miaka tisa kwa maji yaleyale ya kisima, na hazikuwa na doa hata moja. Siku nilipomtembelea alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja mbele ya sinki. “Mdogo wangu, hivi vyote viwili vinaitwa stenlesi. Mbona kimoja kinaoza?”

Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo linalomsaidia mtu kuchagua. Stenlesi si chuma kimoja bali ni ukoo wa vyuma, na kinachotenganisha ndugu wa ukoo huo ni kiasi cha madini machache yaliyochanganywa na chuma cha kawaida. Katika sufuria na masinki, aina zinazokutana na mnunuzi ni hasa nne: 430, 201, 304 na 316. Namba hizi zimetoka katika mfumo wa Marekani, na ndizo zinazotumika madukani kwetu, ingawa 304 hiyohiyo unaweza kuikuta imeandikwa SUS304 kwa mtindo wa Kijapani au 1.4301 kwa mtindo wa Ulaya.

Kinachozuia kutu, na kinachokishinda

Chuma kikichanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5 hivi, kromi iliyo usoni hukutana na oksijeni na kutengeneza utando mwembamba mno, wa nanomita mbili au tatu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaokitenga chuma na maji. Ukiukwaruza kwa kisu, hujiunda tena wenyewe mara moja, mradi hewa inafika pale palipokwaruzwa. Hii ni tofauti kubwa na rangi au bati la kuchovya, kwa maana huku hakuna kitu kilichopakwa kinachoweza kubanduka. Kinga inatoka katika chuma chenyewe.

Adui wa utando huo ni kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi ya mezani, ya maji ya kisima cha pwani na ya dawa za kung'arishia nguo, inayoyeyuka majini. Kloridi hutafuta mahali utando ulipo dhaifu, ikapenya na kuchimba kishimo kidogo kama ncha ya sindano. Ndani ya kishimo hicho hewa haifiki, kwa hiyo utando haujiundi tena; maji yaliyomo hugeuka kuwa ya asidi, nayo asidi huvuta kloridi nyingine zaidi. Kuanzia hapo kishimo hujichimba chenyewe. Ndiyo sababu stenlesi haishiki kutu kwa kutandaa kama panga lililosahaulika mvuani, bali kwa vidoti vilivyotawanyika huku sehemu kubwa iliyobaki iking'aa kama siku ya kwanza. Vidoti vile nilivyoviona kwa dada yangu vilikuwa vya namna hiyo, na vingi vilikusanyika kuzunguka tundu la kutolea maji na kwenye kona mbili za nyuma, yaani pale matone yanapotuama.

Tofauti ya daraja moja na jingine, kwa hiyo, ni hasa tofauti ya ugumu ambao kloridi inaupata katika kufungua kishimo cha kwanza. Lakini kabla ya kuzilinganisha, ni vizuri kujua kila madini ya nyongeza yanafanya kazi gani, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wengi hueleza kinyume.

Nikeli, ambayo ndiyo inayopandisha bei, si mlinzi mkuu dhidi ya kutu. Kazi yake kubwa ni kubadili mpangilio wa ndani wa chuma ili kiwe laini na kivutike. Karatasi ya chuma chenye nikeli ya kutosha inaweza kubonyezwa na mashine ikawa bakuli refu la sinki bila kupasuka, na inakubali kuchomelewa bila kuwa dhaifu pale kwenye kiungo. Mpangilio huo mpya pia ndio unaoifanya sumaku isishike. Molibdeni, inayopatikana katika 316, ndiyo iliyowekwa mahususi kupambana na vishimo vya kloridi. Manganisi iliingizwa kama badala ya nikeli: aina za 200 zilikua hasa katika miaka ya 1950, nikeli ilipokuwa adimu, na tangu hapo hurudi sokoni kwa nguvu kila nikeli inapopanda bei.

Manganisi inaiga kazi ya nikeli ya kupanga chuma, lakini inaiga kwa unyonge, na jambo hili lina matokeo mawili ambayo mnunuzi hayaoni. La kwanza ni kwamba chuma chenye nikeli kidogo hakiwezi kubeba kromi nyingi bila mpangilio ule kuharibika, kwa hiyo kadiri kiwanda kinavyopunguza nikeli ndivyo kinavyolazimika kupunguza na kromi, ambayo ndiyo kinga yenyewe. La pili ni kwamba manganisi huungana na salfa iliyobaki ndani ya chuma na kuacha chembe ndogondogo usoni, na chembe hizo ndizo sehemu dhaifu ambazo kloridi huzipenda kwa kuanzia.

| Aina | Kromi, asilimia | Nikeli, asilimia | Nyongeza | Sumaku |
|---|---|---|---|---|
| 430 | 16 hadi 18 | chini ya 0.75 | hakuna | inashika kwa nguvu |
| 201 | 16 hadi 18 | 3.5 hadi 5.5 | manganisi 5.5 hadi 7.5 | haishiki, au inashika kidogo kwenye kona |
| 304 | takriban 18 hadi 20 | 8 hadi 10.5 | hakuna | haishiki, au inashika kidogo kwenye kona |
| 316 | 16 hadi 18 | 10 hadi 14 | molibdeni 2 hadi 3 | haishiki, au inashika kidogo kwenye kona |

Wahandisi wana hesabu fupi ya kukadiria ni kwa kiasi gani chuma kitastahimili vishimo:

```
PREN = %Cr + 3.3 × %Mo + 16 × %N
```

Cr ni kromi, Mo ni molibdeni na N ni nitrojeni. Chukua 304 yenye kromi 18 na nitrojeni 0.05: inapata 18.8. Chukua 316 yenye kromi 17, molibdeni 2.1 na nitrojeni ileile: 17 jumlisha 6.93 jumlisha 0.8, jumla 24.7. Tazama kwamba 316 ina kromi pungufu kuliko 304, na bado inaiacha mbali, kwa sababu kila asilimia moja ya molibdeni inahesabiwa kama zaidi ya tatu za kromi. Aina ya 430 inabaki kwenye 17 hivi. Aina ya 201 ndiyo inayodanganya hesabu hii: kwa sababu viwanda huiongezea nitrojeni, inaweza kufika 18 au 19 na kuonekana sawa na 304, lakini hesabu haizioni zile chembe za manganisi, na sinki la 201 kwenye maji ya chumvi huanza kuchimbika mapema kuliko namba inavyoahidi. Isitoshe, sokoni zipo aina za bei rahisi zaidi zinazopewa jina la 201 huku nikeli yake ikiwa asilimia moja hivi na kromi chini ya 16.

Sufuria: chumvi ni nyingi, lakini haikai

Mtu akipima kwa chumvi peke yake angedhani sufuria ndiyo inayoteswa zaidi kuliko sinki. Gramu 10 za chumvi katika lita moja ya maji ya wali zinatoa kloridi kiasi cha miligramu 6,000 kwa lita, wakati mwongozo unaotumika sana kwa maji ya baridi yanayokaa muda mrefu ni kwamba 304 isizidishiwe miligramu 200 hivi, na 316 miligramu 1,000 hivi. Hata hivyo sufuria nzuri ya 304 inadumu kwa miongo. Sababu ni muda. Chakula kinaiva kwa nusu saa au saa mbili, sufuria inaoshwa, inakaushwa, inapata hewa, na utando unajirudisha. Kishimo kinahitaji kuachwa kwa utulivu ili kikue, na sufuria inayotumika kila siku haikipi utulivu huo.

Kuna jambo moja tu linaloweza kuitia sufuria ya 304 vishimo ndani ya dakika chache, nalo linafanywa katika nyumba nyingi bila kujua: kutia chumvi katika maji ya baridi kisha kuyaacha yachemke. Punje za chumvi huzama na kutua chini. Pale kila punje inapoyeyukia, kwenye kitako kinachopata moto, kunakuwa na tone la maji yaliyoshiba chumvi, ambalo kloridi yake inakaribia mara kumi ya ile ya maji ya bahari. Ukitazama sufuria iliyofanyiwa hivyo kwa muda mrefu, uisogeze dirishani na kuiinamisha, utaona vidoti vyeupe au vya kijivu vilivyotawanyika kitakoni, na ukipitisha ukucha juu yake utasikia unakwama. Chumvi ikitiwa maji yakiwa yanachemka na kukorogwa mara moja, tatizo hilo halitokei. Kwa sufuria, tabia hii ndogo ina thamani kubwa kuliko kupanda kutoka 304 hadi 316.

Ndiyo maana simshauri mtu kulipia sufuria ya 316. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutisha kwa maelezo kwamba ni chuma cha hospitali. Ni chuma kizuri kweli, lakini faida yake inaonekana pale chumvi inapokaa, na ndani ya sufuria chumvi haikai. Anayepika achari au kuhifadhi vitu vyenye siki na chumvi kwa siku kadhaa ndiye pekee ambaye angepata kitu kwa fedha hiyo, na hata yeye angeokoa zaidi kwa kuhamishia achari yake kwenye chupa.

Alama 18/10, 18/8 na 18/0 zinazogongwa chini ya masufuria zinataja kromi kwanza kisha nikeli. Zile mbili za mwanzo zote zinaangukia ndani ya 304, na tofauti kati yake ni ndogo kiasi kwamba mpishi hawezi kuihisi. 18/0 ni ndugu wa 430. Mtu ambaye ngozi yake inawashwa na nikeli, kwa mfano anayetokwa na vipele kwenye masikio kwa sababu ya hereni, na ambaye daktari amemwambia apunguze nikeli hata katika chakula, ana sababu ya kweli ya kuchagua sufuria ambayo ndani yake ni 18/0, kwa kuwa mchuzi mkali wa nyanya au ukwaju huweza kuchota nikeli kidogo kutoka kwenye chuma, hasa sufuria ikiwa mpya. Kwa wengine wote, ndani ya sufuria pawe 304.

Lakini 304 ina kasoro moja kubwa ya kupikia ambayo haihusiani na kutu: inasafirisha joto polepole sana, mara kumi na tano hivi chini ya alumini. Sufuria ya stenlesi tupu, nyembamba, juu ya jiko la gesi hupata moto mkali kwenye duara lilelile la miale, na wali unaungua hapo huku pembeni bado ni mbichi. Kwa hiyo sufuria inayofaa si ya chuma kimoja. Ndani, kunakogusa chakula, ni 304. Katikati ya kitako kuna sahani nene ya alumini ya kutawanya joto. Na chini kabisa kuna kifuniko cha 430, kilichowekwa hapo ili sumaku ishike na sufuria iweze kutumika kwenye jiko la umeme la induksheni. Hapa ndipo aina ya 430 inapopata heshima yake. Inadharauliwa kwa kuwa haina nikeli, lakini kwa kazi hiyo 304 haiwezi kuishika nafasi yake.

Ukiwa dukani, igeuze sufuria uitazame ubavuni, pale kitako kinapokutana na mwili. Utaona ukingo wa sahani hiyo ukiwa umefunikwa. Uzito wake utausikia mkononi, kwa maana sufuria yenye kitako cha milimita 5 hailingani na ile ya karatasi moja. Sumaku ikishika chini na kukataa ubavuni, hiyo ni dalili njema. Anayepikia mkaa azingatie kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa na upepo yanafika huko. Sufuria ya namna hii ikisahaulika jikoni ikiwa tupu, alumini inaweza kuchuruzika kutoka kitakoni. Ikiwa na maji ndani, haifiki huko.

Rangi za upinde wa mvua zinazojitokeza ndani ya sufuria baada ya moto mkali si kutu wala sumu. Ni utando uleule ulioongezeka unene kwa joto, na siki au ndimu huuondoa. Nalitaja kwa sababu nimeona watu wakizitupa sufuria nzuri kwa ajili ya rangi hizo.

Sinki: chumvi ni kidogo, lakini haiondoki

Sinki ni kinyume chake. Tuseme kisima kina kloridi miligramu 600 kwa lita, kiasi ambacho ulimi unakionja lakini watu wanakizoea. Hiyo tayari imevuka mwongozo wa 304. Usiku, nusu kikombe cha maji kinabaki kimetuama pembeni mwa tundu, kinakauka polepole, na kikipungua hadi sehemu moja ya kumi kloridi yake imefika miligramu 6,000, sawa na maji ya wali, tofauti ikiwa kwamba haya yatabaki palepale hadi asubuhi, na kesho usiku yatakuja mengine juu ya chumvi iliyoachwa na ya jana. Juu ya hayo kuna kamba ya kusugulia iliyolowa, sabuni iliyoganda, kipande cha nyanya, na dawa ya klorini inayomwagwa ili kuondoa harufu. Chini ya kila kitu kilichoachwa juu ya bati hewa haifiki, na utando ukivunjwa hapo haujengeki tena.

Kwa nyumba inayopata maji ya bomba yasiyo na chumvi, iwe Arusha, Nakuru au katikati ya Dar es Salaam, sinki la 304 linatosha kabisa na sioni sababu ya kutafuta zaidi. Kwa nyumba ya pwani inayotegemea kisima chenye chumvi, au jiko la mgahawa linaloosha samaki na dagaa mchana kutwa, 316 si anasa. Tatizo ni kwamba masinki ya 316 ni nadra kukutwa yamekaa dukani; mara nyingi ni ya kuagiza, au ya kutengenezewa na karakana zinazotengenezea hoteli na viwanda vya samaki, na bei yake hupanda kwa nikeli na molibdeni vyote viwili.

Sinki la 430 lipo pia, na kwa kuwa chuma hicho hakivutiki sana, bakuli lake huwa fupi. Linaweza kuwafaa watu wa bara wenye maji matamu wanaotaka bei nafuu na wanaopangusa. Sinki la 201 ndilo ninalomkataza mtu, si kwa sababu chuma hicho hakina kazi, kwani ni kigumu na kinafaa kwa rafu, fremu za meza na vifuniko, bali kwa sababu kazi ya sinki inagusa udhaifu wake wote kwa pamoja, na hasa kwa sababu karibu kila mara linauzwa kwa jina la 304.

Unene ni jambo la pili, na halimo ndani ya namba hizi. Sinki la 304 la milimita 0.6 litabonyea sufuria nzito ikidondoka na litapiga kelele kama debe maji yakifunguliwa. Milimita 0.8 inavumilika, na 1.0 au zaidi ndiyo ninayoipenda. Unene ukitajwa kwa geji, kumbuka kwamba hesabu inakwenda kinyume: geji 18 ni nene, karibu milimita 1.2, na geji 22 ni nyembamba, karibu milimita 0.7.

Kabla ya kulilaumu sinki, hata hivyo, lipime doa. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria hukatika vipande vidogo visivyoonekana, ambavyo hukaa juu ya bati na kushika kutu vyenyewe. Kopo la maziwa likiachwa usiku mmoja hufanya vivyo hivyo kwa kuacha duara. Paka magadi ya kupikia yaliyolowa, sugua kwa kitambaa kwa kufuata mistari ya bati, suuza na ukaushe. Doa likiondoka, mahali pake pakiwa laini chini ya ukucha na lisirudi, kutu hiyo ilikuwa ya mgeni. Likirudi baada ya siku chache palepale, na ukucha ukakwama, basi ni kishimo, na chuma chenyewe ndicho kinacholiwa.

Kwa dada yangu yalirudi siku ya nne.

Sumaku inasema nini na inanyamaza wapi

Muuzaji yule huenda aliamini alichokisema. Sumaku inaitambua 430, basi. Haiwezi kutenganisha 201, 304 na 316, kwa sababu zote tatu zina mpangilio uleule wa ndani, nayo manganisi inaufikia mpangilio huo kama nikeli. Yaani sumaku iliyoteleza ilithibitisha tu kwamba sinki halikuwa la 430. Kosa la upande wa pili nalo lipo: bakuli la 304 lililobonyezwa kwa nguvu hubadilika kidogo kwenye kona, na sumaku huvutwa hapo kwa unyonge. Mnunuzi anayelikataa sinki kwa sababu hiyo anaweza kuwa ameacha 304 halisi na kuchukua 201 ya jirani yake.

Kinachoweza kutenganisha ni dawa ya matone ya kupimia manganisi, inayouzwa kwa mafundi wa stenlesi pamoja na betri ndogo. Unasafisha mahali pasipoonekana, unadondosha tone, unagusisha nyaya za betri kwa sekunde chache, kisha unatazama rangi. Tone likigeuka jekundu la kuiva, manganisi ni nyingi na chuma ni cha ukoo wa 200. Kwenye 304 rangi hiyo haitokei hivyo. Ni vyema kupima pembeni kipande ambacho una hakika nacho, ili jicho liwe na kitu cha kulinganisha. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanacho kifaa cha eksirei chenye umbo la bunduki, kinachotoa asilimia za kila madini papo hapo, na kwa anayenunua karatasi nyingi za kujengea jiko la hoteli, gharama ya kupimiwa ni ndogo. Anayeuza karatasi nzima anapaswa pia kuwa na cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho, na namba hiyo ilingane na iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe.

Tulilipima sinki kwa tone, upande wa chini, karibu na kibano. Likageuka jekundu kabla sijahesabu tano, na kijiko cha zamani cha 18/10 tulichokipima pembeni yake kikabaki bila wekundu. Sufuria zile tatu za miaka tisa zote zilikuwa zimegongwa 18/10.

Kwa kuwa kisima hakibadiliki, aliamua kutengenezewa sinki la 316L, karatasi ya milimita 1.2. Herufi L inamaanisha kaboni haizidi asilimia 0.03, nayo ina maana kubwa kwa kitu kitakachochomelewa, kwa sababu kwenye joto la kuchomelea, kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni huikamata kromi iliyo jirani na kuiacha mistari ya kando ya kiungo bila kinga ya kutosha. Fundi alipoleta kazi, bakuli lilikuwa zuri, ila kando ya viungo kulikuwa na michirizi ya buluu na kahawia ya moto. Dada alifurahi, akataka lifungwe siku hiyo. Nikamwomba fundi atuonyeshe kwanza vijiti vya kuchomelea alivyotumia, navyo vilikuwa 316L kama tulivyokubaliana, si vile vya chuma cha kawaida ambavyo huacha kutu kwenye kiungo ndani ya wiki. Lakini michirizi ile ilikuwa oksidi nene, na chini yake chuma kilikuwa kimepungukiwa kromi. “Hiyo nitaipiga msasa, kaka, itang'aa,” alisema. Msasa mpya, ambao haujawahi kugusa chuma cha kawaida, unasaidia. Inayomaliza kazi, hata hivyo, ni dawa ya asidi ya kusafishia viungo vya stenlesi, inayopakwa, kuachwa na kuoshwa kwa maji mengi, na kwa kuwa ina asidi inayopenya ngozi hadi kwenye mfupa, ni ya kupakwa karakanani, kwa glavu na miwani, wala si jikoni kwa mtu. Alilirudisha karakanani na kulileta siku ya tatu, viungo vikiwa vya rangi moja na bati, ya kijivu isiyong'aa.